Kompyuta inaandika amri zangu badala ya kuzitii

Ndugu Mshauri,

Nakuandikia kwa mkono wa binti yangu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Niliumia shingo, na tangu hapo mikono yangu haishiki kibodi wala kipanya, ila sauti ni nzima kabisa. Binti aliniwashia Voice Access, programu ya kuiendesha kompyuta kwa sauti, kwenye kompyuta ya Windows 11. Nikiiamuru ibofye, mara inabofya kusikotakiwa, mara inaandika “click send” katikati ya barua. Ukurasa ukiwa mrefu narudia “scroll down” hadi koo linakauka, na siku nyingine hausogei hata kidogo. Linaloniumiza zaidi: nikiisomea swali kwa Kiswahili, inanitolea Kiingereza kisicho na kichwa wala miguu. Nifanyeje nitunge karatasi ya maswali mwenyewe, tangu kufungua hadi kutuma, bila kumwita mtu kila baada ya dakika tano?

Mwalimu Asiye na Kipanya

*

Mwalimu, nianze na hilo linalokuumiza, maana ukishalielewa mengine yanakuwa mepesi. Voice Access haijui Kiswahili. Inaelewa Kiingereza na lugha nyingine chache, na Kiswahili hakimo. Ukiisomea “Eleza maana ya methali zifuatazo,” inatafuta maneno ya Kiingereza yanayokaribiana na sauti hizo, kisha inayaandika bila aibu. Hata ukitamka kwa ufasaha namna gani, hali haitabadilika.

Kwa hiyo tuigawe kazi. Voice Access iwe mkono wako: ifungue, ibofye, isogeze, ifute. Kalamu yako iwe programu nyingine inayosikia Kiswahili, na hapo ninakushauri utumie uandishi wa sauti wa Google Docs, ambao una Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania katika orodha yake ya lugha. Mkono na kalamu vitasikiliza maikrofoni ileile, na ufundi wote ni kuhakikisha kimoja hakimwingilii mwenzake. Kwanza tuurekebishe mkono.

Juu kabisa ya skrini yako kuna utepe wa Voice Access. Watu wengi hawautazami, nawe nakuomba uutazame kila jambo linapokwenda kombo, kwa sababu unaandika kile programu ilichosikia. Tuseme umetamka “click save” na utepe umeandika “click safe.” Hapo tatizo ni usikivu: maikrofoni iko mbali, kuna anayezungumza chumbani, au umechaguliwa lafudhi isiyo yako. Lakini kama utepe umeandika “click save” barabara na bado hakuna kilichotokea, basi imekusikia ila haikuona kitu chenye jina hilo. Hayo ni magonjwa mawili yenye dawa tofauti, na anayeyachanganya huishia kupaza sauti bure.

Dawa ya usikivu ni maikrofoni ya kuvaa kichwani, ncha yake ikae pembeni mwa mdomo ili pumzi isiipige moja kwa moja. Kisha binti afungue alama ya mipangilio kwenye utepe huo, aingie kwenye lugha, mjaribu Kiingereza cha nchi mbalimbali. Kuna cha Marekani, Uingereza, India, Australia na vinginevyo. Usidharau jambo hili. Mtu aliyekulia katika Kiswahili hutamka irabu kwa uwazi kuliko Mmarekani, na anaweza kushangaa jinsi lafudhi nyingine ya orodha hiyo inavyomwelewa vizuri zaidi. Jaribuni kila moja kwa amri zilezile tano, mlinganishe kinachoandikwa kwenye utepe. Jihadhari pia na tabia yetu ya kuongeza irabu mwishoni: “kliki” badala ya “click,” “skroli” badala ya “scroll.” Neno likatike kwenye konsonanti.

Sasa kuhusu “click send” kuandikwa ndani ya barua. Voice Access ina hali tatu za kusikiliza. Ukiiwasha inakuwa kwenye “default mode,” yaani inategea amri na maandishi kwa pamoja, na inaamua yenyewe kipi ni kipi. Kigezo chake kikubwa ni kituo. Ukisema maneno ya barua halafu ukaunganisha “click send” kwa pumzi moja, yote ni maandishi kwake. Ukinyamaza kidogo, ukatamka amri nzima bila kusita katikati, ukanyamaza tena, inaitambua kuwa amri. Kusita katikati nako kunaharibu: “click…” kisha kimya, kisha “send,” inakuwa vipande viwili visivyoeleweka.

Hali ya pili ni “command mode.” Humo programu haiandiki chochote, isichokitambua kama amri inakiacha kipite. Kwako wewe hii ndiyo hali ya kukaa muda mwingi. Hali ya tatu ni “dictation mode,” ambayo kazi yake ni kuandika kile unachosema, nayo itakufaa siku una barua ya Kiingereza. Kuhama kutoka hali moja hadi nyingine unataja tu jina la hali unayoitaka. Ukiwa unahitaji kuzungumza na mtu, sema “voice access sleep,” na ukirudi sema “voice access wake up.” Ikiwa usingizini haitii lolote isipokuwa kuamshwa.

Kubofya kuna ngazi tatu, na ukizifuata kwa mpangilio hutabofya pasipotakiwa. Ngazi ya kwanza ni jina. Kitufe kikiwa na maandishi, sema “click” na maandishi hayo kama yalivyo kwenye skrini: “click Share,” “click File.” Vikiwapo viwili vyenye jina moja, programu inaviwekea namba nawe unataja unayoitaka.

Ngazi ya pili ni namba. Vitufe vingi siku hizi ni vijipicha visivyo na maandishi, na jina lake huwezi kulikisia. Sema “show numbers.” Kila kinachobofyeka kinapata namba, nawe unasema kwa mfano “click 14.” Namba zikikuzidi kwa sababu madirisha mengi yako wazi, sema “show numbers here” zitokee kwenye dirisha unalolitumia tu. Zikiwa zinakuziba unachosoma, “hide numbers” inaziondoa. Utepe utakuonyesha kama “thirteen” yako inasikika kuwa “thirty.” Ikiwa hivyo, iburute silabi ya mwisho ya kumi na tatu, na thelathini uikate fupi.

Ngazi ya tatu ni gridi, nayo ni ya mahali ambapo programu haioni kitu cha kukipa namba: katikati ya picha, ramani, au ukurasa mweupe. Sema “show grid.” Skrini inagawanyika visanduku tisa vyenye namba. Taja namba ya kisanduku chenye unachokitaka, nacho kinagawanyika tisa tena. Kwenye skrini ya kawaida yenye nukta 1920 kwa 1080, kisanduku cha kwanza kina upana wa nukta 640. Ukitaja namba ya pili unafika 213, ya tatu 71. Kwa hiyo namba tatu zinatosha kufikia karibu kitufe chochote, na pakiwa padogo sana unaongeza ya nne. Ukishafika, sema “click,” au “double click,” au “right click.” Ukiingia kisanduku sicho, “undo that” inakurudisha hatua moja, usianze upya.

Ninasisitiza mpangilio huu kwa sababu wapo wanaoipenda gridi wakaitumia kwa kila kitu. Inafanya kazi, ila kitufe ambacho jina lake ungelitamka mara moja kinakugharimu amri nne au tano. Kwa mtu ambaye sauti ndiyo kiungo chake cha kazi, hiyo ni hasara ya kila siku.

Kuhusu kusogeza ukurasa, “scroll down” hushuka kipande tu. Kwa ukurasa mrefu sema “start scrolling down,” uache ushuke wenyewe huku ukisoma, na ukifika unapopataka sema “stop.” Kwenda mwisho kabisa ni “scroll to bottom,” kurudi juu ni “scroll to top.” Na usipoona kusogea kokote ilhali utepe umekusikia vizuri, mara nyingi ni kwa sababu amri imeelekezwa kwenye sehemu nyingine ya dirisha. Tovuti nyingi zina safu mbili au tatu, kila moja ikisogea peke yake, na kompyuta inaisogeza ile uliyoigusa mwisho. Bofya kwanza ndani ya safu unayoisoma, kwa gridi kama hapana pa kutaja jina, halafu usogeze. Ikigoma bado, sema “press page down,” maana mara nyingi ukurasa unaopuuza amri ya kusogeza huitii kibodi.

Nikuambie na hili, japokuwa halihusu kusogeza hasa: mara nyingi huhitaji kusogeza kabisa. Kama unajua neno unalolitafuta, “press control F” inafungua kisanduku cha kutafutia. Neno likiwa la Kiingereza, rudi “default mode” ulitamke, kisha “press enter.” Likiwa la Kiswahili, sema “show keyboard.” Itatokea kibodi kwenye skrini, kila herufi ikiwa na namba yake, nawe unataja namba. Ni polepole, lakini herufi tatu au nne za mwanzo zinatosha.

Sasa kalamu. Google Docs ifunguliwe ndani ya kivinjari cha Chrome. Mara ya kwanza binti awepo, kwa sababu kuna mambo ya kuruhusu. Afungue hati mpya, aingie menyu ya Tools, achague Voice typing. Kitatokea kisanduku chenye picha ya maikrofoni, na juu yake orodha ya lugha. Hapo achague Kiswahili. Kivinjari kitaomba ruhusa ya kutumia maikrofoni, naye akubali. Tangu hapo kuwasha na kuzima maikrofoni ya Docs ni vitufe vitatu vinavyobonyezwa pamoja, Control, Shift na S, na Voice Access inaweza kukubonyezea. Ujue tu kwamba kalamu hii inahitaji intaneti, kwani sauti yako inatumwa Google kugeuzwa maandishi. Voice Access, ikishapakua lugha yake, inafanya kazi ndani ya kompyuta bila mtandao. Kwa hiyo siku intaneti ikikatika, mkono unabaki na kalamu inakauka.

Hebu tutunge karatasi yako, tangu mwanzo. Voice Access iko macho. Unasema “command mode,” kisha “open Chrome.” Ukurasa mpya wa Docs unafunguka kwa anwani fupi, docs.new, ambayo nitakuonyesha baadaye namna ya kuiita kwa neno moja. Hati ikifunguka na mshale ukiwa kwenye ukurasa, mlolongo ni huu:

```
press control shift S
(soma swali lako kwa Kiswahili)
press control shift S
press control Z
```

Mstari wa kwanza unawasha kalamu. Unasoma swali kwa mwendo wako wa darasani, si kwa kukata neno moja moja, kwa kuwa programu hizi hutegemea maneno ya jirani kukisia neno. Wakati huo Voice Access nayo inakusikia, lakini iko “command mode,” na Kiswahili chako hakifanani na amri zake, basi inanyamaza. Ndiyo maana nilikuambia ukae katika hali hiyo. Ungekuwa “default mode,” ukurasa ungejaa Kiswahili cha kalamu na Kiingereza cha mkono, vimefungamana.

Mstari wa tatu unazima kalamu, na hapa pana kikwazo. Kalamu bado iko wazi unapotamka amri hiyo, kwa hiyo inaweza kuiandika nayo, kwa Kiswahili cha kubahatisha. Utakuta mwishoni kitu kama “presi kontro.” Ndiyo kazi ya mstari wa nne, kutengua kilichoandikwa mwisho. Angalia kilichofutika kabla ya kuendelea. Ukiwa umeacha kimya cha kutosha kabla ya amri, uchafu huo unasimama peke yake na unafutika peke yake. Ukiwa umeunganisha, utenguzi unaweza kuondoka na sentensi yako ya mwisho. Ikitokea hivyo, “press control Y” inairudisha, halafu unafuta uchafu kwa “press control backspace,” ambayo hula neno zima kwa mara moja.

Tatizo litakalofuata ni alama za uandishi. Kwa lugha chache kubwa, Docs inaelewa ukitaja jina la nukta au mkato. Kiswahili hakimo kati ya hizo. Ukisema “nukta,” inaandika neno nukta. Nakushauri uutumie udhaifu huo: taja alama zote kwa maneno unaposoma, kisha uzibadilishe zote kwa pamoja mwishoni. Ila chagua maneno ambayo hayawezi kutokea katika sentensi ya kweli. Wewe ni mwalimu wa lugha, utaandika “nukta” na “mkato” kama maneno ya kawaida siku moja, kwa hiyo sema “nukta nukta” kwa kituo kikubwa na “mkato mkato” kwa kile kidogo. Swali lako litasomeka hivi kwanza:

```
soma kifungu hiki mkato mkato kisha ujibu maswali nukta nukta
```

Ukimaliza karatasi nzima na kalamu imezimwa, sema “press control H.” Linafunguka dirisha lenye visanduku viwili, cha kinachotafutwa na cha kinachowekwa badala yake. Katika cha kwanza ingiza “nukta nukta” ikitanguliwa na nafasi moja, ili nafasi hiyo iondoke nayo na kituo kishikamane na neno. Katika cha pili weka kituo chenyewe. Kisha “click Replace all.” Rudia kwa mkato. Herufi kubwa mwanzoni mwa sentensi ndizo zitakazobaki kukusumbua, kwa sababu ubadilishaji huu hauzigusi. Kwa karatasi ya maswali si nyingi. Zipitie kwa mshale, na kila ndogo unayoikuta ifutwe na kubwa yake iwekwe kwa kibodi ya namba. Sitakudanganya kwamba ni raha. Kama kuna kazi moja ya kumwachia binti mwishoni, mwachie hiyo.

Kuhariri kwingine ndani ya Docs kuna mtego ambao maelekezo mengi hayautaji. Voice Access ina amri nzuri za maandishi, mfano “select” ikifuatwa na neno lililo kwenye ukurasa. Kwako hazitafaa, kwa sababu mbili. Kwanza, neno lenyewe ni la Kiswahili na sikio lake ni la Kiingereza. Pili, Docs huuchora ukurasa wake kama picha badala ya kuuweka kama maandishi ya kawaida ya tovuti, hivyo programu za nje haziyaoni maneno vizuri. Ndiyo maana pia “show numbers” itaweka namba kwenye vitufe vya juu na kuuacha ukurasa mtupu. Tumia vitufe: “press control left” inaruka neno moja kurudi nyuma, “press control shift left” inalichagua, “press home” inakwenda mwanzo wa mstari. Kwenda mahali pa mbali, onyesha gridi ubofye papo hapo ndani ya sentensi. Neno lililokosewa likishachaguliwa, washa kalamu, lisome upya, na lenyewe litaandikwa juu ya lile la zamani.

Mlolongo wote huu una maneno mengi, najua. Ndipo zinapoingia njia za mkato za sauti ambazo Voice Access inakuruhusu kujitungia. Sema “create voice shortcut,” na dirisha litafunguka. Unaipa amri jina, kisha unachagua itende nini: ifungue anwani ya tovuti, ibonyeze vitufe, au ibandike maandishi. Kaa na binti mtengeneze chache tu. Moja ifungue docs.new. Moja ibonyeze Control, Shift na S. Ipe jina fupi la maneno mawili, kama “pen switch,” ambalo hulisemi katika mazungumzo na halifanani na amri nyingine. Moja ibandike “nukta nukta” pamoja na ile nafasi ya mbele, ili pale kwenye Control H usihangaike na herufi moja moja, na ya mkato vilevile. Na moja ibandike anwani ya barua pepe ya shule yako. Hiyo ya mwisho nimeipenda kuliko zote, maana anwani za barua pepe ndizo zinazowatesa watu wa sauti: zina majina ya watu, nukta, na alama zisizotamkika.

Kutuma sasa ni jambo dogo. Kalamu ikiwa imezimwa, “click Share.” Kisanduku kikifunguka, ita njia yako ya mkato ya anwani, “press enter,” halafu “show numbers” utafute kitufe cha kutuma. Usitaje jina la kitufe hicho kwa kukisia. Hubadilika kulingana na ulichokichagua. Soma namba yake, uitaje.

Yapo machache ambayo sauti haiwezi, na ni vizuri binti ayaandae mapema. Kompyuta ikilala usingizi wake wa kuokoa umeme, haikusikii, kwa hiyo kwenye mipangilio ya umeme aiweke isilale ikiwa imechomekwa. Kwenye Settings, ndani ya Accessibility kisha Speech, kuna visanduku viwili vya kuifanya Voice Access ijiwashe: kimoja kabla ya kuingia kwenye akaunti, kingine baada ya kuingia. Atie alama vyote viwili, la sivyo siku kompyuta itakapojizima na kujiwasha kwa ajili ya masasisho utabaki unaitazama skrini ya kuingilia. Namba ya siri usiitamke mbele ya watu; ita “show keyboard” utaje namba za vitufe, au kama kompyuta ina kamera inayotambua uso, mtumie hiyo. Na ukikuta mahali maelekezo ya kusema “start listening,” yapite tu. Hizo ni amri za Windows Speech Recognition, programu ya zamani ambayo nafasi yake imechukuliwa na Voice Access.

La koo umelitaja kwa kupita, nami nalichukulia kwa uzito. Watu wanaoiendesha kompyuta kwa sauti kutwa hupata uchovu wa sauti, na kosa la kawaida ni kuzungumza na mashine kwa sauti moja iliyokakamaa, kwa nguvu, kana kwamba ni kiziwi. Maikrofoni iliyo karibu na mdomo inasikia sauti ya kuzungumza na mtu aliye kando yako. Kaa na maji yenye mrija, na kila ukimaliza swali moja au mawili, lilaze lile sikio kwa “voice access sleep” nawe unyamaze kidogo. Sauti ikianza kukwaruza, funga kazi ya siku hiyo. Ikiwa mkwaruzo unadumu wiki mbili au tatu, mwone daktari wa koo, na umweleze kwamba sauti ndiyo unayoandikia. Anza na njia ya mkato ya kalamu, uizoee kwa kutunga swali moja, kabla hujagusa karatasi nzima.